Mkasi wa mwanangu na mrehani wa harusi

Jumapili moja ya mwisho wa Septemba nilirudi kutoka sokoni Maili Moja, nikiwa na mfuko wa nyanya mkono mmoja na samaki mkono wa pili, nikamkuta mwanangu wa darasa la sita amechuchumaa nyuma ya jiko akiwa ameshika mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Mbele yake kulikuwa na ndoo mbili za rangi, zile za lita 20, ambazo nilipanda mirehani. Ndoo ya kwanza ilibaki na kijiti kisicho na jani hata moja. Ya pili ilibaki na kishina kifupi chenye majani machache. Vichwa vya mirehani yote miwili vilikuwa vimelazwa chini kwenye mchanga.

Wazazi wenzangu, sikuuliza swali. Nilimfokea hadi majirani wakatoka nje. Nikamwambia wiki nzima hatakanyaga uwanja wa mpira. Alijaribu kusema neno moja tu, "Mama, bibi alini..." nikamkatiza.

Niwaeleze kwa nini nilipandwa na hasira kiasi kile. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa Desemba, na mama yetu aliyeko Kisarawe alishasema vikuba vya bibi harusi na mashoga zake havitatungwa kwa rehani za kununua. Asmini tungepata kwa jirani, lakini rehani ilipaswa kutoka kwetu. Mwanangu alipokwenda kwake likizo ya Juni, alirudi na mbegu zimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nilizisia mwanzoni mwa Julai hapa Mkuza, zikaota baada ya siku saba, nikabakiza miche miwili iliyo bora. Kuanzia siku hiyo nilipiga marufuku mtu yeyote kuchuma hata jani. Mume wangu aliwahi kunyofoa tawi moja aweke kwenye mchuzi, tukanuniana jioni nzima.

Niliilinda nikaiweka kivulini, chini ya mwembe karibu na ukuta wa jiko, jua la Kibaha lisiiunguze. Nayo ikarefuka. Kila nikiitazama naona imepanda, nikafurahi. Kumbe ulikuwa urefu wa taabu. Shina lilikuwa jembamba kama penseli, likiinama upande ule wenye mwanga. Majani ya chini yalishadondoka, nafasi kati ya jani na jani ikawa ndefu kuliko kidole changu, na majani yaliyobaki yalijazana juu kabisa. Wiki ile ya mwisho ya Septemba mirehani ilikuwa na sentimita 60 hivi, na kwenye ncha vilianza kuchomoza vitumba vya maua. Nikajisemea, vizuri, inakomaa kwa ajili ya harusi.

Usiku ule nilimpigia mama simu kumshitakia mjukuu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Huo mrehani ulikuwa umeshatoa vitumba?" Nikasema ndiyo. "Na harusi bado miezi mitatu?" Nikasema ndiyo. Akacheka. "Basi mtoto amekuokoa. Ungefika Desemba na vijiti na mbegu. Mmoja kaukata vibaya, huo mwingine nieleze umebaki na nini."

Nikachukua tochi ya simu nikatoka nje. Kwenye ndoo ya pili kishina kilikuwa na urefu wa kiganja na nusu, kina jozi mbili za majani. Mama akaniambia nitazame pale jani linaposhikana na shina, sawa na kwapani. Nikainama. Palikuwa na vijani viwili vidogo mno, havizidi punje ya mchele. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo matawi yako ya harusi yalipo."

Yale aliyonieleza usiku ule, pamoja na niliyojionea baadaye kwa macho yangu, ndiyo nataka kuwapa leo.

Mrehani hutoa majani mawili mawili yanayotazamana. Pale yanapotokea pana kifundo, na kwenye kila kwapa la jani kuna chipukizi limelala. Halilali kwa uvivu. Ncha ya juu ya shina hutengeneza kichocheo kinachoteremka chini, wataalamu wa mimea hukiita auksini, na kinapoteremka huyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ncha inataka kupanda peke yake. Ukiiacha, mmea unakwenda juu kama mlingoti. Ukiikata, kizuizi kinaondoka, na machipukizi mawili yaliyo jirani kabisa na mkato huamka. Shina moja linakuwa matawi mawili. Ukikata ncha za hayo mawili, unapata manne.

Kwa hiyo mkato unapita juu kidogo ya jozi ya majani, kama nusu sentimita. Ukikata katikati ya nafasi ndefu isiyo na majani, kile kijiti kinachobaki juu ya kifundo hukauka na wakati mwingine huoza kuelekea chini. Ukikata chini ya jozi ya mwisho ya majani, umebaki na kijiti kitupu, na hapo ndipo ndoo yangu ya kwanza ilipoishia.

Lakini kwa nini mtoto yule yule, kwa mkasi ule ule, alikata mmoja vibaya na mwingine vizuri? Siku ya tatu nilimwita, tukakaa kwenye kigogo nje, nikamuuliza kwa upole. Akanieleza huku anatazama miguu yake. Mwezi Juni kule Kisarawe bibi yake alimpa kazi ya kukata nanaa ya chai. Alimwonyesha kuikata fupi, ibaki kama upana wa vidole viwili kutoka ardhini, na baada ya wiki mbili ikarudi imejaa. Alipoona mirehani yetu imekuwa mirefu na imeinama, akaona atafanya vile vile nifurahi. Akaanza na ndoo ya kwanza, akakata chini kabisa. Alipotazama akaona hakuna jani hata moja, akaogopa. Ndoo ya pili akakata juu zaidi, akaacha majani.

Yaani mtoto alikuwa ameligundua kosa lake mwenyewe kabla sijafika na mfuko wangu wa nyanya.

Nilimwambia, "Nisamehe mwanangu, nilikufokea bila kukusikiliza." Akasema, "Haya mama." Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana kwa muda mrefu hakuzigusa zile ndoo, hata kumwagilia alikuwa anamwachia dada yake. Mpira nilimruhusu siku ile ile, lakini hilo la ndoo halikuwa jambo la kuruhusu.

Kosa lake lilikuwa la kuichukulia nanaa na mrehani kuwa kitu kimoja kwa sababu vyote ni majani ya kunukia. Nanaa ina mashina yanayotambaa chini ya udongo, na huko ndiko ilikoweka akiba yake. Ukiikata fupi, inatoa machipukizi mapya kutoka ardhini. Ikirefuka, ikawa na mashina matupu kama waya, dawa yake ni hiyo: kata karibu na udongo, mwagilia, iache. Mrehani hauna akiba hiyo chini ya udongo. Una shina moja na mizizi ya kawaida, na sehemu ya chini ya shina ikishageuka rangi ya kahawia na kuwa ngumu kama kijiti cha kuni, machipukizi yake huamka kwa shida au hayaamki kabisa. Mrehani lazima ubaki na majani ya kuulisha. Mama anasema kwa mkato mmoja usizidishe theluthi ya mmea. Mwanangu alizidisha hata kwenye ndoo ya pili, ila ile ilikuwa na bahati ya kuachiwa jozi mbili.

Na ndoo ya kwanza, lazima nikiri, niliimalizia mimi. Kwa huruma niliimwagilia asubuhi na jioni. Mmea usio na majani haunywi maji kiasi hicho, kwa hiyo udongo ulibaki umelowa, shina likawa jeusi pale chini. Baada ya wiki tatu nilikwangua ganda kwa ukucha. Likiwa kijani ndani, mmea uko hai. Langu lilikuwa la kahawia na kavu. Nikaling'oa.

Ndoo ya pili siku ya nne ile punje ya mchele ilikuwa imefunguka. Siku ya kumi matawi manne yalikuwa yameanza, mawili ya kifundo cha juu yakiwa na nguvu, mawili ya chini yakiwa madogo. Mama alisema niiondoe kivulini, maana kupogoa bila jua ni kazi bure, matawi mapya nayo yatarefuka yakitafuta mwanga. Mrehani unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Sikuitoa siku moja ikakutana na jua la mchana ghafla. Nilianza na jua la asubuhi, kila baada ya siku mbili nikaisogeza, mpaka ikakaa upande wa mashariki wa nyumba, ambako hupigwa na jua tangu linapochomoza hadi baada ya adhuhuri. Mkato wenyewe tulianza kuufanya asubuhi au jioni, si saa saba mchana.

Katikati ya Oktoba kila tawi lilikuwa na jozi tatu au nne za majani. Nikasimama na mkasi mkononi na moyo ukinienda mbio. Ndugu zangu, kukata kitu kilichopona si rahisi. Nikakata tawi la kwanza juu ya jozi ya pili, la pili vile vile, yale madogo mawili nikayaacha yapate nguvu kwanza. Mkasi wenyewe hauhitajiki kwa matawi mabichi, kucha za kidole gumba na cha shahada zinatosha. Niliyoyatoa yalienda kwenye mchuzi wa samaki, na mume wangu hakusema neno, alikula tu.

Kuhusu maua kuna jambo nililokosea hata baada ya kufundishwa. Mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshatugusa, niliona dalili kwenye tawi moja: majani ya juu yalikuwa madogo madogo, yamebanana, na katikati yake kuna kitu kama kisuke cha pembe nne. Hicho si jani, ni suke la maua. Ncha ikishageuka suke, tawi hilo halitengenezi tena majani mapya kutoka pale, nguvu inakwenda kwenye maua na mbegu, shina linakuwa gumu na majani yanapungua ulaini. Nikalikata lile suke tu, nikaridhika. Siku tano baadaye palipokuwa na suke moja pakawa na mawili, yametoka kwenye makwapa yaliyo chini yake.

Nikampigia mama tena. Akaniuliza nimekata wapi, nikamwambia. Akasema machipukizi yaliyo karibu na suke huwa yameshaamua kutoa maua, ukikata suke peke yake umeyapisha njia. Unashuka jozi mbili za majani chini ya suke, ndipo unakata. Huko chini machipukizi bado ni ya majani. Nikafanya hivyo, na tawi lile halikuonyesha suke tena kwa wiki tatu.

Hapo pana mpaka wake, nisiwadanganye. Kupogoa kunachelewesha maua, hakuyafuti. Kadiri mrehani unavyozeeka ndivyo masuke yanavyotokea kwenye kila ncha, na unaweza kujikuta unakata kila siku ya tatu. Ukiona shina lote la chini limekuwa kijiti na machipukizi mapya ni membamba, mmea huo umechoka, unahitaji mrithi.

Mrithi kwetu alipatikana kwa njia ambayo bado inanitia haya kidogo. Siku nilipomwita mwanangu pale kwenye kigogo, nilimuuliza vile vichwa vya mirehani vilivyokatwa viliishia wapi, nikidhani dada yake alivifagia na takataka. Akaenda chumbani kwake akarudi na kikombe cha plastiki. Alikuwa ameviweka kwenye maji. Siku ile ile nilipokuwa nafoka, yeye baadaye aliviokota, akavificha chini ya dirisha.

Nikampigia bibi yake, nikampa simu aongee mwenyewe. Akaelekezwa: toa vitumba vyote, kata vipande vya urefu wa kidole kirefu na kidogo zaidi, mkato upite chini tu ya kifundo, nyofoa majani ya chini yasiguse maji, acha majani machache juu, badilisha maji kila baada ya siku moja. Kikombe kikae penye mwanga lakini si kwenye jua kali. Akapata vipande vitano. Viwili vilioza, vikageuka laini na kunuka. Vitatu siku ya tisa vilikuwa na mizizi myeupe kama nyuzi. Ilipofika urefu wa sentimita mbili akavipanda mwenyewe kwenye ile ndoo ya kwanza, baada ya kumwaga udongo uliolowa na kuweka mpya wenye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Alitoboa pia matundu zaidi chini ya ndoo, bila mtu kumwambia.

Tangu siku hiyo ndoo zikawa zake. Alikuwa anazikagua kabla ya kwenda shule, na mimi nilijifunza kuomba ruhusa nikitaka majani ya mboga.

Wiki ya harusi tulihesabu ncha za ule mrehani uliokatwa Septemba. Kwa hesabu ya kuzidisha mara mbili tungetegemea 32, lakini matawi mengine yalikuwa dhaifu na hatukuyakata, kwa hiyo zilikuwa 23. Mmea wenyewe haukufika hata kiunoni kwa mtoto wa miaka saba, ila upana wake ulifunika ndoo yote usione udongo. Mama alikuja siku mbili kabla kwa basi, akapitia Pugu na Gongo la Mboto mpaka Kibaha, na kabla hajanywa hata maji akaenda nyuma ya jiko. Akaushika mrehani kama anavyoshika nywele za mtoto, akautenganisha kwa vidole, akanusa.

"Nani kaupogoa huu?"

Mwanangu akanitazama mimi. Nikasema, "Ni yeye, mama. Mimi nilifuata tu."

Alfajiri ya siku ya kutunga vikuba bibi na mjukuu walikata rehani pamoja, kila tawi juu ya jozi ya pili, wakajaza sinia moja. Kwenye ile ndoo ya vipande vitatu waliliacha tawi moja lililokuwa na suke refu, maua meupe yameshafunguka na nyuki wawili wameshafika. Mwanangu alikuwa amelifunga uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu changu cha ushonaji. Shangazi mmoja alipoinyoosha mkono alikate akachomeke kwenye kilemba, mtoto akamzuia.

"Shikamoo shangazi. Hilo usikate, ni la mbegu. Linasubiri likauke liwe la kahawia."